Mswada wa Fedha wa 2024 kwenye ukurasa mmoja: kisa cha kikundi kimoja cha Pwani

Kisa hiki kilitokea katika kaunti moja ya Pwani ya Kenya kati ya Mei na Agosti 2024. Jina la kikundi, la mtaa na la kila aliyeshiriki yameondolewa. Nilikuwa mmoja wa watatu walioandika ukurasa unaozungumziwa, kwa hiyo makosa yanayoelezwa hapa ni yetu.

Usuli

Mswada wa Fedha wa 2024 ulisomwa kwa mara ya kwanza katika Bunge la Kitaifa tarehe 13 Mei. Siku chache baadaye viongozi wa mtaa walituomba tuwaandalie muhtasari. Walikuwa wazee wa nyumba kumi, viongozi wa vyama vya akina mama, maimamu wawili, mchungaji mmoja na mwenyekiti wa wenye matatu. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge lishirikishe wananchi, na Kamati ya Fedha ya Bunge ilikuwa ikipokea maoni. Ombi lao lilikuwa fupi: ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, na usiwe wa kumtetea yeyote.

Tulikuwa watatu: mimi, mwalimu mstaafu, na kijana aliyesomea uhasibu. Mswada wenyewe ulikuwa na kurasa zaidi ya 100.

Urefu haukuwa tatizo kubwa. Mswada wa fedha hauwezi kusomwa peke yake, kwa sababu kazi yake ni kurekebisha sheria nyingine: Sheria ya Kodi ya Mapato, Sheria ya VAT ya 2013, Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015, Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 na nyinginezo. Ukitafuta ndani yake sentensi inayosema mkate utozwe asilimia 16, hutaiona. Utakachokuta ni kifungu kinachofuta aya fulani katika jedwali la Sheria ya VAT. Aya hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuweka mkate wa kawaida kwenye kiwango cha asilimia sifuri, na ikifutwa mkate unaangukia kwenye kiwango cha jumla, ambacho ni asilimia 16. Kwa hiyo anayesoma mswada bila kuwa na sheria mama mezani anaona maneno “futa” na “badilisha” tu, na hajui kilichofutwa kilikuwa kikimkinga nani.

Yaliyotokea

Tulianza mwishoni. Nyuma ya mswada huwa pana maelezo ya madhumuni, ambapo anayeuwasilisha anaeleza kila kifungu kinakusudia nini. Hapo ndipo tulipopata ramani. Kisha tukarudi kifungu cha kwanza kutazama tarehe za kuanza kutumika, maana si vifungu vyote vilikusudiwa kuanza 1 Julai. Baadhi viliwekewa Septemba na vingine Januari 2025. Baada ya hapo tukachukua kila kifungu kilichogusa maisha ya mtaa na kukiweka kando ya sheria mama.

Kosa la kwanza lilijificha kwenye ada ya kutuma pesa kwa simu. Mswada ulipendekeza ushuru wa bidhaa kwenye ada hiyo uwe asilimia 20. Kijana wetu alifungua nakala ya Sheria ya Ushuru wa Bidhaa aliyokuwa ameihifadhi zamani, akakuta asilimia 12, akaandika “kutoka 12 hadi 20”. Rasimu hiyo tulimpelekea mama mmoja mwenye kibanda cha wakala aisome kabla haijachapishwa. Alisoma mstari huo, akavua miwani.

“Mwanangu, hii ilishapanda mwaka jana. Sasa ni kumi na tano.”

Alikuwa sahihi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilikwisha kuipandisha kutoka 12 hadi 15, na nakala yetu ilikuwa ya kabla ya marekebisho hayo. Tangu siku hiyo hatukuandika kiwango chochote cha sheria ya sasa bila kufungua sheria za fedha za miaka ya karibuni na kuona kama kiliguswa.

Kosa la pili halikuwahi kuonekana kabla ya kuchapishwa. Toleo la kwanza lilikuwa na kichwa “Mswada wa Fedha 2024: Mambo ya Kujua” na mistari kumi na miwili ya aina hii:

> Mkate utatozwa ushuru wa asilimia 16.
> Gari litalipiwa asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka.
> Makato ya bima ya afya ni asilimia 2.75 ya mshahara.

Tuligawa nakala kwenye baraza siku ya Ijumaa. Jumamosi duka moja la mtaani liliongeza shilingi 10 kwenye mkate wa shilingi 65, na mwenye duka akawaonyesha wateja karatasi yetu. Wiki iliyofuata mwenyekiti wa wenye matatu alitueleza kwamba wanachama wake wawili walikuwa wameahirisha kulipia bima ya gari wakiamini wakienda watadaiwa kodi mpya papo hapo. Nao akina mama walikwisha kuandika barua ya maoni kwa Kamati ya Fedha, na robo tatu ya barua hiyo ilipinga makato ya bima ya afya, jambo ambalo halikuletwa na mswada ule. Lilitokana na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 na kanuni zilizotungwa chini yake.

Tulipopata habari hizo zote tuliitisha kikao usiku huohuo. Tuliwaomba viongozi waturudishie nakala walizokuwa nazo, na mwalimu mstaafu akaenda mwenyewe hadi dukani kuzungumza na mwenye duka. Bei ilirudi 65, ingawa si siku hiyohiyo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu kitenzi. Toleo letu lilitumia “-ta-” karibu kila mahali, na kwa masikio ya mtu wa kawaida “utatozwa” ni habari ya jambo lililokwisha kuamuliwa, linalosubiri siku tu. Anayesema “nitakuja kesho” anatoa ahadi. Tukakubaliana kwamba “-ta-” isionekane popote kwenye mambo ya mswada. Pendekezo liandikwe kwa “unapendekeza” au kwa “-nge-”: mkate *ungetozwa*, ikiwa kifungu kingepita. “Ni” na “-na-” vibaki kwa mambo yanayotumika siku ya kuandika. Mwalimu alipitia mistari yote kwa kalamu nyekundu akitafuta vitenzi tu, bila kujali maana.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuanza kila mstari na sheria ya leo kabla ya pendekezo. Kijana alipinga kwamba tunapoteza nafasi kwa mambo yanayojulikana. Lakini barua ya akina mama ilikuwa imetuonyesha kwamba hayajulikani. Mtu aliyeona makato ya nyumba ya asilimia 1.5 kwenye hati yake ya mshahara, petroli yenye VAT ya asilimia 16, na habari za mswada redioni, vyote katika mwaka mmoja, hana sababu ya kujua kipi kimetoka wapi. Kila kimoja kilimfikia kama “ushuru wa serikali”.

Hapo karatasi ikawa na sehemu mbili zilizotenganishwa kwa mstari mzito. Juu palikuwa na mapendekezo ya mswada, matano tu. Chini palikuwa na kichwa “Haya hayamo kwenye mswada. Yalikwisha kuwa sheria”. Sehemu hii ya chini ilikuwa na mambo matatu: VAT ya asilimia 16 kwenye petroli, iliyoanza Julai 2023, makato ya nyumba chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024, na bima ya afya, ambayo tuliieleza kuwa sheria iliyopitishwa lakini ambayo makato yake hayajaanza. Kama kuna jambo moja katika kisa hiki lililoleta faida kuliko yote, ni sehemu hiyo ya chini. Muhtasari wa kawaida wa mswada hauna sababu ya kutaja mambo yasiyomo, na wa kwetu wa kwanza haukuyatenga. Ndiyo maana watu waliyaingiza wenyewe.

Mistari ya juu ilikuwa hivi. Nanukuu miwili:

> Ada ya kutuma pesa kwa simu. Leo: ushuru ni asilimia 15 ya ada. Mswada unapendekeza: asilimia 20 ya ada. Mfano: ada ikiwa shilingi 20 kabla ya ushuru, leo ushuru ni shilingi 3, ungekuwa shilingi 4. Pesa unayotuma haiguswi.
>
> Kodi ya gari. Leo: haipo. Mswada unapendekeza: asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ilipwe wakati wa kuchukua bima, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000. Mfano: gari la thamani ya 800,000 lingelipa 20,000. La 150,000 lingelipa 5,000, si 3,750.

Neno “haipo” lilitatua tatizo la wenye matatu palepale. Nao mfano wa gari la 150,000 ulizua mjadala kuliko mistari mingine yote, kwa sababu ulionyesha kwamba mwenye gari kuukuu angelipa kwa kiwango kikubwa kuliko mwenye jipya: 5,000 ni zaidi ya asilimia 3 ya 150,000, ilhali gari la milioni 6 lingeishia kwenye kikomo cha 100,000, chini ya asilimia 2. Hatukuandika kwamba hiyo si haki. Hesabu iliwekwa wazi, na viongozi wakaiandika wenyewe kwenye barua yao.

Mistari mingine mitatu ilihusu mkate, mafuta ya kupikia, ambayo mswada ulipendekeza yatozwe ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, na ada ya mazingira.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuweka tarehe na hatua. Juu kabisa tuliandika: “Hali ilivyo leo, tarehe fulani. Mswada uko kwenye kamati. Si sheria.” Chini yake pakawa na ngazi fupi: kusomwa mara ya kwanza, kamati na maoni ya wananchi, kusomwa mara ya pili, kamati ya Bunge zima, kusomwa mara ya tatu, Rais. Tulizungushia duara ngazi iliyofikiwa. Wazee kadhaa walikuwa wakidhani “umesomwa mara ya kwanza” maana yake umepitishwa mara ya kwanza, na kwamba zimebaki mara mbili za kuthibitisha. Kumbe kusomwa mara ya kwanza ni kuingizwa tu bungeni, hakuna mjadala wala kura ya kuupitisha.

Uamuzi wa nne ulitugharimu marafiki. Tarehe 18 Juni mwenyekiti wa Kamati ya Fedha alitangaza kwamba VAT ya mkate, kodi ya gari, ushuru wa mafuta ya kupikia na nyongeza ya ada ya kutuma pesa vitaondolewa. Mtaa ulishangilia. Mchungaji alitupigia simu akitaka toleo jipya lenye neno moja: “Imeondolewa.” Tulikataa. Tuliandika: “Kamati imependekeza kifungu hiki kiondolewe. Bunge halijapiga kura juu ya pendekezo hilo.” Kamati inapeleka ripoti na marekebisho, lakini kinachofuta maneno kwenye mswada ni kura ya wabunge wakikaa kama kamati ya Bunge zima. Baadhi ya vijana walituita waoga, wengine wakasema tunataka kuendeleza hasira. Mzee mmoja ndiye aliyetutetea, akisema: “Wajukuu zangu, mahari iliyotajwa haijalipwa.”

Matokeo

Tarehe 20 Juni mswada ulipita kusomwa mara ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Tulisogeza duara ngazi moja, tukaongeza “Bado si sheria”. Tarehe 25 Juni marekebisho ya kamati yalipigiwa kura, kisha mswada ukapita kusomwa mara ya tatu kwa kura 195 dhidi ya 106. Ni siku ileile waandamanaji walipoingia Bungeni na watu wakauawa kwa risasi barabarani. Karatasi yetu ya jioni hiyo ilikuwa na mistari mitatu tu, mmoja ukisema “Bunge limepitisha. Rais hajatia saini. Leo viwango vya ushuru ni vilevile vya jana.” Nilikuwa na shaka kama kuna atakayetaka kusoma karatasi usiku kama ule. Imamu mmoja aliisoma baada ya sala ya isha.

Siku iliyofuata Rais alikataa kutia saini na kuurudisha mswada Bungeni, akipendekeza vifungu vyote vifutwe.

Barua ya pili ya viongozi, iliyoandikwa baada ya toleo jipya, ilizungumzia vifungu vya mswada pekee na kutaja kila kimoja kwa namba yake. Kuhusu bima ya afya waliandika barua tofauti na kuipeleka kwa mbunge wao, kwa sababu sasa walijua kwamba sheria iliyopo haiondolewi kwa kupinga mswada usioihusu. Kama barua zetu zilibadilisha lolote bungeni siwezi kudai. Maelfu ya wengine waliandika na kuandamana.

Uchambuzi

Kosa kubwa la toleo la mwisho lilijitokeza mwezi mmoja baadaye. Sehemu ya chini ilisema “Yalikwisha kuwa sheria”, nasi tukaamini kwamba upande huo wa karatasi hautatuletea shida. Tarehe 31 Julai Mahakama ya Rufaa ilitangaza Sheria yote ya Fedha ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba. VAT ya petroli tuliyoiweka upande wa mambo yaliyokwisha ikawa mashakani asubuhi moja, na simu zikaanza kuita. Mahakama ya Juu ilisimamisha hukumu hiyo tarehe 20 Agosti, na tarehe 29 Oktoba ikaitengua. Kwa hiyo VAT hiyo ilibaki, lakini kati ya Julai na Agosti hakuna kiongozi wetu aliyejua ajibu nini, na karatasi yetu ilikuwa imemfunga ulimi.

Hatuwezi kusema hatukuonywa. Kesi dhidi ya sheria ile ilikuwa inajulikana tangu 2023, na Mahakama Kuu ilikwisha kuyabatilisha makato ya nyumba ya awali Novemba mwaka huo. Ndiyo sababu ikaletwa sheria mpya ya nyumba. Tulizitazama ngazi za Bunge kwa makini na kuusahau mlango wa mahakama. Sasa tunaandika “Inatumika leo”, na pale penye kesi tunaongeza “kesi iko mahakamani, sheria inaendelea kutumika mpaka mahakama iseme vingine”. Maneno hayo hayaahidi kitu kinachozidi tarehe ya karatasi.

Idadi ya mambo matano nayo ina lawama zake. Tulichagua kwa kipimo cha shilingi: kifungu kisichogusa mfuko wa mtaa ndani ya mwaka kiliachwa. Kwa kipimo hicho tuliacha pendekezo la kurekebisha Sheria ya Ulinzi wa Data, ambalo lingeondoa kinga za sheria hiyo pale taarifa za mtu zinapohitajika kwa kukadiria au kukusanya ushuru. Binti mmoja wa chuo alituuliza barazani kwa nini halimo, na hatukuwa na jibu zuri. Nadhani kipimo cha shilingi bado kinafaa, ila kingehitaji nafasi moja ya lazima kwa haki ambayo haina bei. Wenzangu wawili hawakubaliani nami. Wanasema mstari wa sita ungeufanya ukurasa usomeke nusu.

Kilichofanya kazi bila ubishi ni wasomaji wa kabla ya kuchapisha. Mama wa kibanda cha wakala alikamata kosa ambalo sisi watatu tulilipita mara nne, kwa sababu yeye anakaa na kiwango hicho kila siku. Baada yake tulimtafutia kila mstari mtu wa namna hiyo: mwenye duka kwa mkate, dereva kwa gari. Hatukumuuliza kama ameelewa, kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Tulimwomba atueleze leo analipa nini, kisha angelipa nini. Akichanganya hayo mawili, mstari unarudi mezani.

Kilichobaki bila kutatuliwa ni sauti. Mstari mzito uliotenganisha juu na chini unaonekana kwa anayeshika karatasi, lakini viongozi wengi waliisoma kwa sauti misikitini, kanisani na kwenye vikao, na mstari mzito hausikiki. Mara mbili nilisikia mtu akisoma kutoka sehemu ya juu hadi ya chini bila kupumua, wasikilizaji wakabaki wanadhani yote ni mapendekezo. Kwenye WhatsApp ilikuwa mbaya zaidi, maana watu walikata picha na kutuma mstari mmoja bila tarehe. Kwa sasa tunajaribu kuifanya kila sentensi ibebe hali yake yenyewe hata ikikatwa peke yake, kwa mfano: “Kufikia 19 Juni 2024, mkate hautozwi VAT, mswada ulipendekeza utozwe, na kamati imependekeza usitozwe.” Sentensi hiyo ni ndefu, na mzee mmoja alituomba tuisome mara mbili.